Nadharia ya Dow kwa wanaotredi US30: bado inafaa?

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni. Nazungumza nanyi kutoka Ngamiani, Tanga. Leo nachambua kanuni moja tu ya Dow, ya uthibitisho, maana vijana wengi hapa mjini wanatredi US30, yaani indeksi ya Dow ya viwanda ya Marekani, bila kujua kwamba indeksi hiyo ina mwenzake.

Hoja ya Charles Dow, mwandishi wa habari aliyeanzisha indeksi hizi, ilikuwa nyepesi: viwanda vikizalisha, mzigo lazima usafirishwe. Kwa hiyo indeksi ya viwanda ikifika kilele kipya, ya reli nayo ifike. Ikipanda moja peke yake, subiri. Ile ya reli tangu 1970 ni indeksi ya uchukuzi: treni, malori, ndege, meli.

Haya, tazameni chati ya siku hapa. Uchukuzi ulifika kilele Mei 1999, ukaanza kuteremka. Viwanda vikaendelea kupanda, na tarehe 14 Januari 2000 vikafunga siku kwenye pointi 11,722. Mwenzake hakufuata.

Hapa ndipo watu wanapokimbilia kuuza, na sivyo. Kukosa uthibitisho ni onyo. Mwelekeo unahesabika upo mpaka indeksi zote mbili zifunge chini ya bonde lililotangulia. Bonde la viwanda lilikuwa la katikati ya Oktoba 1999, karibu na 10,020. Uchukuzi ulishavunja la kwake. Tarehe 25 Februari 2000 viwanda vikafunga 9,862. Hiyo sasa ndiyo ishara.

Oktoba 2002 viwanda vilifunga 7,286, kwa hiyo ishara ilisema kweli. Lakini pimeni: ilikuja pointi 1,860 chini ya kilele, kisha bei ikarudi juu ya 11,000 mwaka huohuo wa 2000 kabla ya kuanguka. Mwenye hisa za muda mrefu angevumilia. Aliyeuza kwa mkopo wa broka angefagiliwa akaunti yote, na hili ndilo linaloniuma ninapoona mtu anaifundisha kanuni hii kwenye mishumaa ya dakika 15.

Kasoro nyingine iko kwenye hesabu yenyewe. Indeksi zote mbili zinapimwa kwa bei ya hisa, si kwa ukubwa wa kampuni. Tarehe 2 Novemba 2021 hisa ya Avis, wakodishaji magari, ilizidi mara mbili kwa siku moja ikaivuta indeksi ya uchukuzi juu. Mizigo ya Marekani haikuongezeka siku ile! Kwa hiyo kilele kipya kikitokea, kagua kwanza kama ni kampuni nyingi zimepanda au moja.

Hukumu yangu: itumie kwa bei ya kufunga ya siku, ikuzuie kuongeza ununuzi pale uchukuzi unapobaki nyuma. Usiitumie kutafuta pa kuingilia.

Mkitaka kujaribu leo, kwenye Yahoo Finance andikeni `^DJI` na `^DJT`. Hiyo alama ya mwanzo msiiache, maana DJT tupu itawaletea hisa ya kampuni ya Trump Media, na mtakuwa mnalinganisha vitu visivyohusiana kabisa.