Presha kuka niliyopewa na walimu wenzangu: uzoefu wangu wa wiki sita pamoja na shukrani niliyowaandikia

Mwezi wa kwanza nilipata uhamisho kutoka Morogoro kuja Dodoma, na walimu wenzangu wakafungua grupu la wasap wakachanga kila mtu 10,000, mimi sikuwemo kwenye hilo grupu ila nilijua tu kuna kitu maana ukiingia ofisini watu wananyamaza. Siku ya kuniaga wakanikabidhi boksi kubwa limefungwa khanga, ndani presha kuka ya umeme ya lita 6.

Nitasema ukweli, sikuitaka. Nilikua natamani wanipe hela mkononi, kwa sababu Morogoro mpaka Dodoma ni kilomita kama 260 na mwenye fuso alishanitajia bei ya kubeba vyombo vyangu na sikua nayo yote. Afu kubwa zaidi, chumba nilichokua nimeshalipia kodi Dodoma tupo wapangaji wanne tunatumia mita moja ya LUKU, tunachanga sawasawa kila tokeni ikiisha, na mwenye nyumba alinambia siku ya kwanza kabisa kwamba jiko la umeme hataki kulisikia. Kwahiyo nimesimama pale mbele ya watu wanapiga vigelegele, nimeshika kitu ambacho najua nikifika nacho nitakiweka chini ya kitanda.

Usiku ule mwalimu aliyekusanya michango akanitumia meseji, "madam, wameniuliza kama umeipenda". Nilikaa na simu karibu saa nzima. Kuwaandikia kwamba ndicho kitu nilichokua nakihitaji nisingeweza, wale watu nimefanya nao kazi miaka saba, na siku wakija kunitembelea wakute boksi halijafunguliwa ningejisikia vibaya mno. Kukaa kimya nako ni kuwavunja moyo. Nikajiuliza ni kipi hapa nakishukuru kwa moyo wote, nikaona vipo vingi tu, ila jiko lenyewe sijalijua bado. Nikaandika hivi:

"Walimu wangu, nimefika nyumbani salama na zawadi yenu. Asanteni sana kwa kujinyima katikati ya mwezi wa ada za watoto wenu ili mniage vizuri. Asante uliyezunguka kukusanya na uliyeenda dukani kuchagua. Miaka saba mmenibeba, hata kipindi namuuguza mama mlinishikia vipindi bila mtu kunung'unika, sijasahau. Presha kuka sijawahi kutumia, nikishajifunza nitawaletea majibu."

Kila neno pale ni kweli. Kuna kitu kimoja nilikiacha makusudi, sikutaja majina wala kiasi, kwa sababu nilikua nimeshaoneshwa orodha ya michango na kuna wawili hawakuwa na tiki. Ningeanza kushukuru mmoja mmoja kwa jina wale wawili wangeachwa wazi mbele ya wote, na mmoja wao ndo alinishikia vipindi vingi kuliko wote. Aliyechagua jiko nilimpigia pembeni nikamweleza habari ya mita na mwenye nyumba, maana yeye angeniuliza tu, na alishukuru kuambiwa mapema.

Sasa jiko lenyewe. Wiki mbili lilikaa ndani ya boksi. Wiki ya tatu nikaongea na wapangaji wenzangu nikawaomba tupime kabla hatujakataa. Jumamosi mchana tukachomoa friji, tukazima taa na kila kitu, nikasoma kile kidude cha kuingizia tokeni, kilikua 21.74. Nikaweka maharage nusu kilo ambayo sikuyaloweka, maji lita moja na nusu, nikaseti dakika 50. Yalipoiva nikasoma tena, 21.38. Yani uniti 0.36. Sisi nyumba nzima tunapita uniti 75 kwa mwezi kwahiyo hatupo kwenye ile bei ya chini, uniti moja inatutoka kama 356, sufuria nzima ya maharage ni kama shilingi 128. Kwa mkaa maharage hayo hayo yalikua yananimalizia kopo la 2,000.

Wengi tunaogopa kwa sababu nyuma ya jiko imeandikwa wati 1000, tunadhani inakula wati 1000 saa nzima. Inakula hivyo mwanzoni tu, kama robo saa mpaka mvuke ujae na ile pini ndogo juu ya mfuniko inyanyuke. Ikishanyanyuka jiko linajizima lenyewe, linawaka kidogo kidogo kushikilia joto, kwasababu sufuria imefungwa ndani ya mwili wake na joto halitoki ovyo. Tulivyoona namba kwa macho yetu tukakubaliana niongeze 4,000 kwa mwezi juu ya mchango wangu, nikampelekea mwenye nyumba hesabu imeandikwa kwenye karatasi na sahihi za wote wanne. Akakubali, ila akasema nichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, asione ekstensheni, na hapo naungana nae kabisa maana ekstensheni nyembamba inapata moto.

Lilinisumbua mara moja tu. Siku ya pili kupika pini haikunyanyuka, dakika ishirini na tano nzima mvuke unatoka pembeni ya mfuniko na maji yanapungua. Tatizo lilikua ule mpira wa ndani ya mfuniko, niliuosha nikaurudisha haukukaa vizuri kwenye waya wake. Tangu hapo nauzungusha kwa kidole kabla ya kufunga, ukizunguka bila kukwama umekaa sawa. Na maharage usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, wala usifungue mvuke haraka yakiiva, povu linaruka kupitia kwenye tundu na linaweza kuziba ile vali. Mimi nachomoa nasubiri dakika ishirini pini ishuke yenyewe. Nyanya na ndimu naweka mwishoni, ukiziweka mwanzo maharage yanachelewa kulainika.

Makande, nyama ya ng'ombe, maharage, hapo sina malalamiko hata kidogo. Ugali halisongi, sufuria inazunguka unaposonga, na chapati ndo usiulize, kwahiyo mtungi wangu mdogo wa gesi bado nautumia. Kama unataka kununua, kabla ya kulipa muulize muuza duka kama anauza ule mpira peke yake, maana unalegea na usipoupata jiko zima linakua halina kazi.

Juzi niliwatumia wale walimu picha ya makande na meseji ya pili:

"Walimu wangu, niliahidi majibu. Mwanzo niliogopa kulitumia kwa sababu ya umeme wa kuchangia, tumepima, tumekubaliana, sasa napika mara tano kwa wiki. Narudi kazini saa kumi na moja nimechoka, naweka maharage, nasahihisha madaftari, yanaiva bila mimi kusimama. Jioni zangu mmenirudishia. Asanteni tena, na mkija Dodoma makande yapo."

Wa kwanza kujibu ni mmoja wa wale wawili ambao hawakuwa na tiki, akaandika "tunakuja likizo ya mwezi wa sita, loweka mahindi mapema". Nimeshanunua mahindi yaliyokobolewa kilo tatu.