Pampu Iliyotumika: Usiulize Mwaka, Uliza Matangi

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko Kisauni, kisimani kwa rafiki yangu, na hii hapa mbele yenu ni pampu ya maji ya inchi 3, ya petroli, niliyoinunua juzi. Mambo ya uwezo wa farasi mwayajua, siyarudii. Ninachotaka kuwaonyesha ni vipi mwenyewe alitaka 26,000 nami nikamlipa 16,000, na sote wawili tukaridhika.

Kuna neno linaniudhi sana katika biashara hii: "imetumika kidogo tu." Kidogo ni ngapi? Trekta angalau lina saa yake pale kwenye dashibodi. Pampu haina kitu. Kwa hiyo wengi, hata wenzangu wenye chaneli, wanakwambia uliza imenunuliwa mwaka gani. Jamani, mwaka haulishi pistoni! Pampu ya miaka 5 iliyokuwa ikijaza tangi la nyumba Jumapili kwa Jumapili ni mbichi kuliko ya mwaka mmoja iliyokuwa ikinyweshea mchicha.

Mimi nauliza hivi: "Mzee, wajaza petroli mara ngapi kwa wiki?" Mtu huyo hakumbuki saa, lakini pesa ya petroli aikumbuka vizuri sana. Injini hii ni ya aina ya GX160, tangi lake ni lita 3.1, na ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa kama lita 1.4 kwa saa. Basi tangi moja ni saa 2 na dakika kidogo. Mzee akaniambia, "Mara 3 kwa wiki, kiangazi chote, mvua ikinyesha naiweka." Nikamuuliza kiangazi chake ni miezi mingapi, akasema kama 8. Hiyo ni wiki 35, matangi 105, saa kama 230 kwa mwaka. Alikuwa nayo miaka 2. Saa 460. Na mwanzo alikuwa ameniambia ni mia tu! Hakuwa anadanganya, hakuwahi kupiga hesabu.

Haya, sasa lete kamera hapa chini. Karibu zaidi. Hapa ndipo ninapopapenda, tutakaa kidogo.

Waona huu mwanya, kati ya nyumba ya pampu na injini? Ndani yake shafti inapita, na kuna sili inayozuia maji yasifuate shafti. Sili hiyo ni nyuso mbili zinazosuguana, na kinachozipoza ni maji yenyewe. Ukiwasha pampu bila kuijaza maji kwanza, au mpira wa kufyonzea ukavuta hewa ukaiacha inazunguka kavu, nyuso zinaungua. Dakika chache tu zatosha. Baada ya hapo maji yanaanza kudondoka hapa.

Muuzaji atapangusa, najua. Lakini maji ya visima vyetu huku Pwani yana chumvi. Tazama hapa chini ya mwanya, huu mstari mweupe mfano wa chokaa. Umefuata njia ya tone mpaka kwenye fremu. Tambara kavu haliutoi. Nilipouona tu nikajua sili imekwisha, hata kabla sijavuta kamba.

Lakini usimhukumu mtu kwa mstari. Mimi hufanya hivi: nachukua kipande cha kartoni kikavu, nakiweka chini ya mwanya, hivi. Najaza maji ndani ya pampu, nafunga kifuniko, navuta kamba. Naiacha dakika 5 kwa mwendo wa juu. Haya tusubiri... Waona? Tone, tone, tone. Kartoni imelowa. Hii ndiyo sili niliyoikuta siku ile, sijaibadilisha bado kwa ajili yenu.

Sasa kabla hujafurahi kwamba sili ni ya bei ndogo, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye injini, na hapo mimi naondoka, hata kwa 10,000 siichukui. Hii ilikuwa nyeusi, chafu, lakini ni oili. Wengi hawabadilishi oili, na inatakiwa kila saa 100.

Kipimo cha pili ni pipa la lita 200. Maji ya kisima hiki yako mita 4 kwenda chini. Usikubali kupimiwa kwenye kisima chenye mita 8, hata pampu mpya itakuaibisha, haifyonzi vizuri kina hicho. Pampu nzima ya inchi 3 hapa hunijazia pipa chini ya sekunde 20. Hii ilichukua 29. Injini inanguruma sawa, moshi hakuna, kwa hiyo nguvu inapotea wapi? Fungua nyumba utaona: impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji. Mchanga umeilamba mpaka kingo zimekuwa nyembamba kama wembe, na nafasi kati yake na nyumba imepanuka, maji yanazunguka humo humo.

Sasa spea, na hapa wengi ndio wanalia. Za injini usiwe na wasiwasi. Injini nyingi za Kichina zilizoandikwa 168F zimefuata umbo hili, ringi na kabureta utapata Mwembe Tayari bila kuhangaika. Tatizo ni upande wa maji. Impela za pampu zisizo na jina kila moja ina upana wake na uzi wake. Mimi nilipiga picha, nikapima kwa rula, nikaenda dukani kabla sijalipa hata shilingi. Impela na nyumba yake 3,500, sili 800, oili na plagi 700, fundi 1,500. Jumla 6,500. Kama zisingepatikana, bei ingekuwa ya injini peke yake.

Hesabu yenyewe basi. Mpya ya aina hii siku hiyo ilikuwa 36,000. Injini inayotumikishwa hivi mimi huipa saa 1,500, hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, wengine huipa zaidi. Saa 460 ni karibu theluthi, kwa hiyo toa 12,000, inabaki 24,000. Toa spea, 17,500. Toa 2,000 kwa kuwa haina garantii, 15,500. Nikamwonyesha mzee karatasi, mstari kwa mstari, na kartoni iliyolowa. Akasema, "Mwanangu, niongezee mia tano ya watoto." Tukaandikiana 16,000.

Waliouliza habari za trekta dogo: Jumamosi ijayo nitavuka ferry kwenda Likoni kuangalia moja. Saa yake yasoma 1,200, lakini kwenye picha pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinang'aa. Nitaipiga picha kwa karibu tuizungumze.

Ngoja sasa nizime hii, tone linaingia kwenye viatu vya kameramani. Fundi anakuja saa 10 alasiri na sili mpya, na pipa liko palepale, tutapima tena sekunde.