LibreTime au AzuraCast kwa redio ya jamii

LibreTime na AzuraCast ni programu za kuendesha kituo cha redio. Katika AzuraCast, jingo, yaani kipande kifupi cha sauti cha kutambulisha kituo, huwekwa kwenye orodha ya aina ya "Once per x Songs", na ukiandika 3, jingo moja hupigwa kila baada ya nyimbo tatu. LibreTime hufuata kalenda ya vipindi, hivyo jingo hupangwa ndani ya kipindi chenyewe; ni kazi zaidi, lakini kituo chenye taarifa za habari kitaifurahia.

Kwenye zote mbili, sauti inayopanda taratibu humeza neno la kwanza la jingo, kwa kawaida jina la kituo, kwa hiyo jingo lipewe mpando wa sekunde 0.

LibreTime husawazisha kiwango cha sauti cha kila faili kwa ReplayGain, njia isiyogusa maikrofoni ya mtangazaji. Hapo naipendelea AzuraCast, ambayo kichakataji chake cha sauti, master_me, huweza kuchakata hata matangazo ya moja kwa moja.