Kadi ya njano imepotea, kliniki inataka nichanjwe upya: uzoefu wangu

Nimekaa na hili jambo moyoni, naona bora niandike kabla sijapasuka. Kliniki yenyewe siitaji, waliowahi kuchanjiwa pale wakisoma wataijua tu.

Mkoba wangu ulikwapuliwa mjini na ndani kulikuwa na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Mume wangu yuko Lubumbashi kikazi, mimi na mtoto tulikuwa tumeshakatiwa tiketi ya kumfuata wiki inayofuata, na Kongo bila hiyo kadi huingii, hilo kila anayeenda kule analijua. Nikaenda polisi nikachukua losi ripoti, nikaenda kliniki ileile iliyonichanja 2014, nikijua ni kazi ya kufungua rejista na kuandika kadi nyingine.

Dirishani nikamkuta dada mmoja na simu yake. Nikamsalimia, nikamweleza. Akagonga jina langu kwenye kompyuta, akasema humu haumo. Nikamwambia dada, 2014 hamkuwa na kompyuta hapa, mlikuwa mnaandika kwenye daftari. Akanijibu bila kuniangalia, eti "Kama haumo kwenye mfumo hujachanjwa. Halafu hata ingekuwepo ilishaisha muda, ni miaka kumi. Lipia uchanjwe upya."

Jamani. Mtu anafanya kazi kwenye chanjo za wasafiri halafu hajui hilo! Habari ya miaka 10 iliondolewa kwenye kanuni za afya za kimataifa tangu tarehe 11 Julai 2016. Dozi moja inatosha maisha yote, na haijalishi ulichanjwa kabla au baada ya hiyo tarehe, hata kadi iliyoandikwa mwisho wake 2024 inahesabika ni ya maisha. Hakuna nchi inayotakiwa kukudai dozi ya pili kisa miaka imepita. Nilimwambia hivyo kwa upole kabisa, akaniambia "mama, mimi ndo nafanya kazi hapa au wewe?" Mbele ya foleni nzima.

Sasa kilichonichemsha kuliko vyote. Mtoto nimempakata, ana miezi mitano, amelala kifuani kwangu, anaonekana. Yule dada hakuniuliza kama nanyonyesha. Hakuuliza kama nina aleji ya mayai, hakuuliza kama kuna dawa natumia, chochote hakuuliza, alichotaka ni nilipie tu. Hii chanjo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, siyo maji. Mama anayenyonyesha mtoto mdogo hivyo anatakiwa aulizwe kwanza na apimiwe faida na hatari, kwasababu kuna watoto wachanga waliowahi kupata madhara kupitia maziwa ya mama aliyechanjwa. Ni nadra, najua, na kama mtu anaenda sehemu ya hatari na hajawahi kuchanjwa kabisa ataambiwa achanjwe tu. Ila mimi nilishachanjwa! Unanichoma dawa nisiyoihitaji, na mtoto ananyonya, kisa wewe unaona uvivu kwenda stoo kushusha daftari?

Na hata ningekubali, ile sindano isingenisaidia safari, maana kadi ya mtu aliyechanjwa mara ya kwanza inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Wakiniandikia tarehe ya leo, mimi nasafiri wiki ijayo, afisa wa afya akihesabu siku anakuta kadi bado haijaanza. Nilimweleza na hilo. Akasema nibadilishe tiketi.

Nikakataa kutoka dirishani. Sipendi fujo, ila siku hiyo nilipaza sauti mpaka mtoto akaamka, na ndipo akatoka mama mmoja wa makamo, nesi wa siku nyingi, akaniuliza "mwanangu kuna nini?" Nikamsimulia. Hakubishana, aliuliza mambo mawili tu: unakumbuka mwaka na mwezi, na ile pasipoti uliyokuwa nayo enzi hizo bado unayo?

Hapo ndo nikaona mtu anayeijua kazi yake. Kadi yangu ya kwanza iliandikwa kwa namba ya pasipoti ya zamani, kabla hizi za kielektroniki hazijaja, na nilikuwa nimezibeba zote mbili. Nilikuwa pia na picha ya ile kadi, kaka yangu aliwahi kuitaka nimtumie Wasap, ila imekatwa pembeni, namba ya bechi ya dawa haionekani mwishoni. Yule mama akaingia ndani, akarudi na daftari kubwa jeusi kona zimeliwa, akaliweka mezani na kuanza kushuka na rula mstari kwa mstari. Tukanikuta! Jina limekosewa herufi moja, lakini namba ya pasipoti ya zamani ni yenyewe, tarehe ya kuzaliwa yenyewe, na namba ya bechi ipo kamili, tarakimu za mwanzo zinafanana na za kwenye picha. Nililia pale, siwafichi.

Akaandika kadi mpya kwa mkono wake, na aliandika sawasawa: jina kama lilivyo kwenye pasipoti ninayosafiria sasa, namba ya pasipoti mpya, lakini tarehe ya chanjo akaweka ile ya 2014 na bechi ileile ya kwenye daftari, na sehemu ya mwisho wa matumizi akaandika ni ya maisha ya aliyechanjwa. Akaweka muhuri wa kituo na akasaini kwa kalamu. Alipokosea herufi moja alichana kadi nzima akaanza nyingine, akasema kadi yenye kufutwafutwa inaweza kukataliwa mpakani. Na muhuri peke yake bila saini ya mkono nao hautoshi, kwahiyo kama umepewa yako nenda kaiangalie sasa hivi.

Mtoto hakuandikiwa kadi, yuko chini ya miezi 9 na hadaiwi.

Kwahiyo nilitoka nikiwa nimeshasamehe, kweli kabisa. Nilikuwa najiambia ile kliniki ni nzuri, mtu mmoja tu ndo anaiharibu, nendeni mkamuulizie yule mama. Mtu aliyetunza daftari la 2014 likiwa na kila kitu anastahili sifa, vituo vingapi wangekuwa wameshalitupa?

Lakini kadri ninavyofikiria narudi kulekule. Wangapi walisimama kwenye lile dirisha kabla yangu wakaambiwa haumo kwenye mfumo, wakalipa, wakachomwa? Mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye umri peke yake ni sababu ya kuulizwa kabla ya hii chanjo, ataanza wapi kubishana na yule dada? Dereva wa lori anayewahi Kasumbalesa atasubiri daftari litafutwe? Hapana, siwezi kusema ni kliniki nzuri. Kliniki nzuri dirisha lake linajua kuna daftari ndani.

Na nimefika nyumbani ndo nikaisoma risiti. Nilidhani nimelipia karatasi. Kumbe wamenitoza hela kamili ya chanjo, na risiti imeandikwa "chanjo ya homa ya manjano, dozi 1", na tarehe ya siku ile. Mimi sikuchanjwa siku ile! Sasa huko kwenye mfumo wao wameniingiza vipi? Kesho naenda na risiti yangu, wafute hiyo dozi na wanirudishie hela yangu, na safari hii sipiti dirishani, naenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi.