Taa ya LED 12 yenye rizista moja: kwa nini kinaanza kufa kimoja

Habari zenu watazamaji. Leo mezani kuna hii taa ya plastiki nyeupe, ya vitaa 12 vya LED na betri ya volti 6. Hapa Kigoma mtaiona sana kwenye magenge ya Mwanga na kwa akina mama wanaouza migebuka usiku kule Kibirizi. Malalamiko yake ni yaleyale: kitaa kimoja kinazima, baada ya wiki kadhaa cha pili, halafu vinafuatana kama vimeambizana.

Nafungua skrubu nne. Sogeeni muone bodi. Vitaa vyote 12 vimefungwa sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na mbele yao kuna rizista moja ya omu 12. Hesabu ya aliyeitengeneza ni hii: LED nyeupe inakula kama volti 3.2 ikipita miliampea 20. Vitaa 12 ni miliampea 240. Volti 6 toa 3.2 unabaki na 2.8, gawa kwa 0.24, unapata karibu omu 12. Kwenye karatasi haina kosa.

Shida ni kwamba rizista ile inapanga jumla tu. Mgawo ndani ya kundi haiujui. Volti ni moja kwa wote, na kila kitaa kinavuta kadiri kinavyoweza. LED si kama rizista: karibu na miliampea 20, ukiongeza volti 0.1 tu, mkondo unaweza kupanda miliampea 8 hivi. Na LED zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana zaidi ya hiyo 0.1 kwa volti zinazohitaji kupitisha mkondo uleule.

Ndiyo maana ukipima volti kitaa kwa kitaa hutaona kitu, vyote vitasoma sawa. Watu wengi wanapotelea hapo. Inua mguu mmoja wa kitaa, weka rizista ya omu 1 katikati, kisha pima milivolti juu yake: milivolti 20 ni miliampea 20. Usitumie mita upande wa ampea, maana ukinzani wake wenyewe unapunguza mkondo unaoutafuta. Kwenye bodi hii kitaa cha saba kinasoma 30, majirani zake 19. Thelathini ndio ukomo wa LED nyingi za milimita 5.

Na haitulii hapo. Kikipata moto, volti yake inashuka, kama milivolti 2 hadi 4 kwa kila nyuzijoto. Kinavuta zaidi, kinapata moto zaidi. Kikikatika, zile 240 zinagawanywa kwa 11. Vikibaki vinane, kila kimoja kinabeba karibu 30, hata vile vilivyokuwa vizima. Kikifa kwa kushoti ni kingine kabisa: vyote vinazima, volti 6 zote zinaangukia rizista, nayo inatoa wati 3. Hii ni ya wati 1. Utasikia harufu kabla ya kuona moshi.

Kuna njia rahisi ya kumnasa mkorofi bila kulehemu kila mguu. Toa ile ya omu 12, weka ya omu 4,700. Tazameni sasa: kwa mkondo huu mdogo vingine vinamulika kidogo, vingine karibu giza. Anayewahi kuwaka ndiye anayetosheka na volti ya chini. Sasa naongeza LED moja nyekundu sambamba nao. Mmeona? Nyeupe zote zimezima. Nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, imekamata kila kitu. Kitaa cha saba kinafanya hivyohivyo, ila kwa kificho.

Dawa yake: ng'oa rizista kubwa, unganisha pale waya, kisha kila kitaa kipate rizista yake ya omu 150, robo wati inatosha. Itabidi ukate njia ya shaba karibu na mguu mmoja wa kila kitaa na kuziba hilo pengo kwa rizista. Kazi ya kuchosha, sikatai. Lakini angalia hesabu: kitaa cha volti 3.2 kitapata miliampea 18.7, na kile cha 3.05 kitapata 19.7. Tofauti ya 11 imekuwa 1. Kimoja kikifa, wenzake hawana habari.

Kama hutaki kukata bodi, badilisha ile ya omu 12 uweke ya omu 27, wati nusu. Kila kitaa kitabaki na miliampea 9 hivi. Mwanga utapungua, na mgawo bado hautakuwa sawa, ila hata anayevuta zaidi atakuwa mbali na 30.

Kasha ni imara na swichi ni nzuri. Kwa bodi ilivyo, naipa mbili kwa tano.