Kikasha cha vito cha Kariakoo: miezi minane ya kwenda na kurudi Dodoma

Kila baada ya wiki mbili napanda SGR kwenda Dodoma kikazi. Zamani vito nilikuwa navifunga kwenye leso na kuvitumbukiza kwenye pochi. Nikifika hotelini naanza kufungua mafundo ya cheni kwa sindano, nguo ya kikao bado haijapigwa pasi. Ndipo nikanunua kikasha hiki Kariakoo kwa shilingi 18,000. Kinaenea kiganjani, kina zipu, ndani mahameli, mfereji wa kuchomekea pete na vimikanda vya mpira vya kubania cheni.

Kwa hereni sina neno, zinakaa palepale ulipoziweka. Tatizo lilianza kwenye cheni yangu ya silva. Mwezi wa pili niliitoa nikakuta imeingia weusi, lakini sehemu mbili tu, kila moja na upana wa kidole, kwingine inang'aa. Nilipoirudisha kikashani nikaona weusi umelala sawasawa na vile vimikanda. Sonara wangu alicheka. Mpira hutiwa salfa kiwandani, akaniambia, na salfa ndiyo inayogeuza silva kuwa nyeusi. Jasho na unyevu wa Dar vinaharakisha tu. Aliisugua kwa kitambaa chake, ikarudi. (Dawa ya meno msijaribu, inakwaruza.)

Sasa hiyo cheni naifuta ikauke, naipitisha ncha moja ndani ya mrija wa soda, naifunga kishikizo kwa nje, halafu naitia kwenye kifuko kidogo cha plastiki cha kubana na kukamua hewa. Humo naweka na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Mrija unaizuia kujisokota, kifuko kinaizuia kupumua. Miezi sita, haijaota weusi.

Pete nayo ilinipa somo la bei kubwa. Mfereji haujagawanywa, kwa hiyo pete hulala bega kwa bega, na treni inavyotikisika zinasuguana. Pete yangu ya tanzanaiti ilikuwa jirani ya pete ya uchumba yenye almasi ndogo. Siku moja dirishani, jua la asubuhi likiipiga, nikaona mstari mwembamba kama unywele juu ya jiwe. Nikaufuta, haukufutika. Tanzanaiti ni laini mbele ya almasi, na mkwaruzo wa jiwe hauondoki kwa kitambaa. Lazima jiwe lichongwe upya na lipungue. Nimeamua kuishi nao. Siku hizi ya almasi inasafiri kidoleni.

Ningekinunua tena? Kwa hereni na bangili za dhahabu, ndiyo, bei yake ni halali. Mwenye silva aikate ile mikanda kwa mkasi siku hiyohiyo anayofika nacho nyumbani. Mimi nimeshaikata, na zile nafasi sasa zinabeba pini za mtandio.