Mkakati wa mwisho wa mwezi: SPY au hisa za Nairobi?

Mwaka 1988 Lakonishok na Smidt walionyesha kwamba faharasa ya Dow Jones ilipanda zaidi siku ya mwisho ya mwezi na tatu za kwanza za mwezi unaofuata.

Tuseme unajaribu mkakati wa kununua kwa dirisha hilo la siku nne tu, kwa miaka 10 ya SPY, mfuko unaofuata faharasa ya S&P 500 ya Marekani: siku 480 za dirisha zina wastani wa faida wa 0.12%, nyingine 2,040 zina 0.02%, na mkengeuko wa kila siku ni 1.2%. Tofauti ni 0.10, kosa sanifu takriban 0.061, hivyo t, yaani tofauti ikigawanywa kwa kosa sanifu, ni 1.64. Haifiki 1.96, kiwango cha kawaida cha kusema si bahati tu. Ukiwa umejaribu madirisha kadhaa kabla ya kulichagua hili, ushahidi ni dhaifu zaidi.

Sasa gharama. Dirisha zima linaleta kama 0.48%. Kwa SPY, kuingia na kutoka kukigharimu 0.02%, faida inabaki. Nairobi, dalali akikukata 1.5% kununua na 1.5% kuuza, hata ukipata 0.48% ileile umeshapoteza 2.52% kila mwezi, hata t ingekuwa 5.

Kwa hiyo SPY bado inastahili kupimwa kwa data mpya. Nairobi, ukiwa na mshahara wa kuwekeza, nunua kabla ya dirisha na usiuze.